Shemeji yangu alianguka juani mara mbili, mara ya pili hakunitambua

*Tabibu, shikamoo. Mimi ni fundi mwashi, nasimamia watu kumi na wanne, tunajenga huku Mbagala. Mwezi huu wa pili nilimpokea mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka 20, katoka Makete. Siku yake ya tatu kazini alikuwa anabeba ndoo za zege. Saa sita mchana akasema kichwa kinamgonga, miguu inakaza, akatapika. Jasho linamtoka kama kamwagiwa maji. Tukamkalisha kivulini, akanywa soda baridi na panadoli mbili, jioni akawa mzima anacheka.*

*Kesho yake akarudi kazini. Saa saba akaanza kutukana watu, yeye ambaye ni mpole kupita kiasi. Akaniita kwa jina la marehemu baba yake, akaenda anayumba, akaangukia rundo la mchanga. Mwili wa moto, lakini jasho bado linamtoka. Nilitaka kummwagia maji, wazee wakanizuia. Wakasema mwili wa moto ukikutana na maji baridi damu inashtuka, mtu anapooza. Wengine wakasema ni malaria imepanda kichwani. Tukamfunika shuka, tukampakia kwenye bajaji, foleni, dakika 50 mpaka hospitali. Njiani akapata degedege. Kalazwa siku sita, sasa katoka, ila figo bado zinaangaliwa.*

*Wiki ijayo tunamwaga slabu. Nilikosea wapi? Na yale maji ya chumvichumvi ya dukani nimpe kila mtu, au yanapandisha presha?*

*Fundi, Mbagala*

Marahaba, fundi. Pole wewe, na umpe pole shemeji.

Siku ya kwanza alikuwa na uchovu wa joto. Siku ya pili alikuwa na kiharusi cha joto. Jina hili la pili huwachanganya watu, kwa sababu kiharusi tunachokijua mitaani ni kile cha mshipa wa ubongo, kinachopoozesha upande mmoja wa mwili. Hiki ni kitu kingine kabisa. Hapa mwili umepata joto hadi nyuzi 40 na kupita, na ubongo umeanza kuungua taratibu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Huenda wazee wako nao walichanganywa na jina hilo hilo, wakaogopa kupooza.

Kinachotenganisha hali hizo mbili ni akili. Jasho halitenganishi. Wengi tulifundishwa kwamba mwenye kiharusi cha joto huwa mkavu, ngozi imekauka kama karatasi. Hiyo hutokea zaidi kwa wazee waliofungiwa kwenye chumba cha joto siku nyingi. Kijana anayebeba ndoo za zege anaweza kufikia kiharusi cha joto huku amelowa chapachapa, kama ulivyomwona. Kwa hiyo siku nyingine usipoteze muda kumpapasa ngozi. Muulize maswali. Leo siku gani? Asubuhi tulikula nini? Mimi ni nani kwako? Mwambie atembee hatua kumi akufuate. Mwenye uchovu wa joto atajibu kwa sauti ya mgonjwa, atalalamika kichwa na kichefuchefu, atataka kulala tu, lakini majibu yake yatakuwa sahihi. Anayejibu vitu visivyoeleweka, anayeyumba kama mlevi, anayegombana bila sababu, anayesinzia katikati ya sentensi au kupata degedege, huyo tayari amevuka. Lile tusi la kwanza kutoka kwa kijana mpole ndilo lililokuwa kengele yako, na lilitangulia kuanguka.

Usitegemee kipimajoto cha kwapani pale saiti. Kwapa lililolowa jasho linaweza kusoma 38 wakati damu ndani iko 41. Hospitali sisi tunapima kwa njia ya haja kubwa, na huko kwenu hakuna atakayefanya hivyo kwenye mchanga. Akili ikivurugika kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi juani, chukulia ni kiharusi cha joto na uanze kupoza.

Sasa nikueleze kwa nini ilimpata yeye, wala si wale wengine kumi na watatu. Misuli ikifanya kazi inatoa joto jingi, na mwili una njia moja kubwa ya kulitoa: unapeleka damu kwenye ngozi, ngozi inatoa jasho, jasho linakauka na kuondoka na joto. Angalia hapo, ni kukauka kwa jasho kunakopoza. Jasho linalodondoka chini limepotea bure. Februari Dar hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho halikauki, linachuruzika tu. Kijana anapoteza maji na chumvi, kisha hapozi. Huku damu inagombaniwa: misuli inaitaka, ngozi inaitaka, na maji yanazidi kupungua. Hapo ndipo kichwa kinagonga, mapigo yanakwenda mbio na tumbo linakataa chakula.

Mwili uliozoea joto hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi, na jasho lenyewe linabana chumvi isipotee sana. Mafunzo hayo huchukua kama wiki moja hadi mbili za kufanya kazi kwenye joto. Wewe na vijana wako mlishahitimu. Shemeji yako ametoka Makete, ambako mtu anaota moto asubuhi, akapewa ndoo siku za mwanzo sawa na mwenyeji wa Mbagala. Wanaoanguka kwa joto kazini, sehemu kubwa huwa ni wageni wa siku za mwanzo, na pia wenyeji waliorudi baada ya kuugua au kukaa nyumbani wiki kadhaa, kwa sababu mazoea hayo hupotea. Kitu kingine: aliyeanguka jana, leo bado ni dhaifu hata akicheka. Kumrudisha kwenye ndoo kesho yake ndilo kosa lako la kwanza, fundi, na nakuambia wazi kwa sababu umeuliza wazi.

Kosa la pili ni zile dakika 50.

Kwenye kiharusi cha joto, kinachoua ni muda ambao mwili unakaa juu ya nyuzi 40. Figo, ini na misuli navyo vinaungua, ndiyo maana hata sasa wanamwangalia figo. Ukifanikiwa kumshusha ndani ya nusu saa tangu alipoanguka, uwezekano wa kupona kabisa ni mkubwa sana. Kwa hiyo utaratibu ni huu: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mtu mmoja apige simu na kutafuta usafiri wakati wengine wanapoza, lakini gari likifika kabla hajapoa na hospitali iko mbali, endeleeni kumwagia. Hapo ndipo watu wengi wanaponibishia, kwa sababu kila kitu ndani yako kinakuambia mkimbize. Kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa unakimbia kwenda wapi?

Saiti yenu ina kila kitu. Mnalo turubai la kufunikia saruji. Mvueni gambuti, soksi, shati na suruali, abaki na nguo ya ndani. Mlazeni katikati ya turubai, watu wanne au watano washike pembe na kingo waziinue, turubai liwe kama mtumbwi. Mmwagieni maji humo, ndoo sita au saba za lita 20, yamfunike mwili hadi kifuani. Mmoja kazi yake iwe kichwa tu: akishike juu ya maji, uso na mdomo vibaki nje muda wote, asiondoke hata kama anaitwa. Wanaoshika kingo watikise polepole ili maji yatembee. Maji yakikaa kimya, yale yanayogusa ngozi hupata joto na kuwa kama blanketi. Mama jirani anayeuza barafu za mifuko mtumieni mtu mara moja, akalete zote alizonazo, mzitie humo kwenye maji. Zikiwa chache, wekeni kwapani, shingoni na kinenani, ila endeleeni na maji, kwa sababu barafu peke yake kwenye sehemu hizo hupoza taratibu mno.

Jambo dogo ambalo nimeliona likiharibu kila kitu: simtanki jeusi lililokaa juani. Saa saba mchana maji yake ya mwanzo kwenye bomba yanaweza kukuunguza vidole. Gusa kwanza, yaache yatiririke, au chota kisimani au kwenye pipa lililokaa kivulini. Maji ya kawaida yasiyo na barafu yanafaa. Hayo ni kama nyuzi 27 au 28, mwili wake ni 41, kwa hiyo joto lina pa kwenda, litachukua muda mrefu kidogo tu. Mkikosa turubai, mmwagieni ndoo mfululizo mwili mzima huku wawili wanampepea kwa nguvu kwa vipande vya maboksi. Pwani kupepea peke yake hakutoshi, kwa sababu ile ile kwamba hewa haikaushi, ndiyo maana nasisitiza maji mengi.

Lile la damu kushtuka na kupooza nimelisikia kazini miaka yote. Si kweli kwa kijana aliyeanguka kwa kazi. Kumtumbukiza kwenye maji baridi ndiyo tiba ya kwanza inayojulikana kwa kiharusi cha joto cha mtu aliyekuwa kazini. Atapiga kelele, atajikunja, pengine atawapiga mateke. Msimwachie. Shuka mliyomfunika ilifanya kinyume chake, ilifungia joto ndani, na najua mliifanya kwa huruma na kwa heshima asibaki uchi mbele za watu.

Mpoze mpaka akili irudi, ajibu maswali yale ya mwanzo sawasawa, au aanze kutetemeka kwa baridi. Kwa maji yenye barafu mara nyingi ni dakika 15 hadi 20, kwa maji ya kawaida hesabu zaidi. Kisha mtoeni na mumpeleke hospitali hata kama anasema amepona, akiwa amelowa, bila kufunikwa, upepo unampiga. Wakati wote akili yake ikiwa haijakaa sawa, usimtie chochote mdomoni, si maji, si soda, si chumvichumvi. Mtu aliyechanganyikiwa akinyweshwa, maji yanaingia mapafuni. Akitapika au akipata degedege, mwondoeni majini, alale ubavu, subiri itulie, kisha endeleeni kumwagia.

Turudi siku ya kwanza, maana hiyo ndiyo utakayoikuta mara nyingi, na ndiyo mahali pa chumvichumvi.

Kumkalisha kivulini ulifanya vizuri. Ongeza haya: alale, miguu iinuliwe juu ya mfuko wa saruji au mti, gambuti zivuliwe, shati livuliwe, mwili umwagiwe maji na apepewe. Kisha anywe, kwa kuwa akili yake iko timamu. Hapa soda ilikuwa msaada wa nusu. Sukari yake ni nyingi mno, kama gramu 10 kwenye kila mililita 100, na chumvi karibu hakuna. Sukari nyingi namna hiyo hukaa tumboni na kumwongezea kichefuchefu. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ni vibaya zaidi, vina sukari hiyo hiyo pamoja na kahawini inayokimbiza moyo uliokwisha kukimbia. Nimewaona vijana wakivinywa viwili kabla ya kupanda ngazi na ndoo. Madafu ni mazuri kwa kichefuchefu na yana potasiamu nyingi, lakini chumvi iliyotoka kwenye jasho ni sodiamu, na madafu yana kidogo. Ukitia chumvi mbano mmoja wa vidole kwenye dafu, si vibaya.

Pakiti iliyoandikwa ORS, ile ya kuharisha inayouzwa kila duka la dawa, ndiyo inayofaa. Ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja, pamoja na potasiamu na sitrati. Vipimo hivyo si vya kubahatisha. Kwenye utumbo mwembamba kuna milango inayopokea chumvi na glukosi vikiwa pamoja, na maji yanafuata nyuma yake. Chumvi peke yake au sukari peke yake haifungui mlango huo vizuri, na ikizidi, maji yanatoka mwilini kurudi tumboni, mtu anaharisha juu ya jasho.

Ndiyo maana kosa ninaloliona kila siku linaniudhi. Mtu ananunua pakiti ya lita moja, anaimimina kwenye chupa ya nusu lita aliyomaliza kunywa, anatikisa. Hayo sasa ni makali maradufu. Soma pakiti: nyingi ni za lita moja, zipo pia za nusu lita na za mililita 200. Tumia chupa ya maji ya lita moja na uimimine pakiti yote. Maji yawe safi ya kunywa. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage.

Duka likiwa mbali, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawa, upitishe bapa la kisu juu kuondoa kilima, kwa sababu kijiko chenye kilima ni karibu viwili. Onja kabla hujampa. Kikiwa na chumvi kuzidi machozi, mwaga uanze upya. Katika kukosea, afadhali chumvi ipungue kuliko izidi.

Kunywa ni kwa funda, si kwa kugida. Kikombe kimoja taratibu kila dakika 15, hadi afikishe lita moja ndani ya saa moja. Akitapika, subiri dakika kumi, rudi na funda ndogo zaidi. Ndani ya nusu saa ya kivuli, maji mwilini na kunywa, anapaswa awe anaonekana kupata nafuu: kichwa kinapungua, anauliza chakula, misuli imelegea. Kama nusu saa imepita na yuko vile vile, au anatapika kila anachomeza, mpeleke hospitali, anahitaji dripu. Na ukisikia swali lako moja limejibiwa ovyo, rudi kwenye turubai.

Kuhusu presha. Lita moja ya chumvichumvi ina chumvi chini ya kijiko kimoja cha chai cha kawaida, na aliyekuwa akitoka jasho saa tano amepoteza zaidi ya hiyo. Kwa kijana mzima aliyeanguka kwa joto haimdhuru. Ila si kinywaji cha kugawia watu wote kila siku kama juisi. Ukiwa na mzee kwenye timu ambaye ana presha, moyo au figo, au anameza vidonge vya kukojoza maji, huyo aulize kliniki yake kabla, na pia ujue yeye ni wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu vidonge hivyo vinamkausha mapema. Asiache dawa zake kwa sababu ya barua hii.

Watu wako wazima, wanaokula chakula chenye chumvi, wanahitaji maji tu kwa sehemu kubwa ya siku: kikombe cha robo lita kila dakika 15 hadi 20. Wanaotoka jasho sana kupita saa kadhaa, wale ambao shati likikauka linabaki na michoro myeupe ya chumvi, wape chumvichumvi lita moja katikati ya siku. Lakini asizidishe yeyote lita moja na nusu kwa saa, hata akijiona ana kiu ya ngamia. Kuna kijana atakayeanguka kwa kunywa maji matupu ndoo nzima. Chumvi ya damu inazimuliwa, anavimba vidole, kichwa kinauma, anatapika, mwisho anachanganyikiwa pia. Huyo usimwongezee maji, mpeleke hospitali na uwaambie alikunywa kiasi gani.

Ile panadoli haikusaidia. Parasetamo hushusha homa, yaani joto ambalo ubongo wenyewe umeamua kulipandisha kupambana na vijidudu. Hapa ubongo haujaamua chochote, joto limeuzidi nguvu. Dawa haina pa kushika, na ini ambalo tayari limepikwa linabebeshwa kazi nyingine. Aspirini na dawa za maumivu kama diklofenaki ni mbaya zaidi kwa figo zilizokauka. Na malaria? Swali zuri, kwa sababu malaria kali nayo huvuruga akili, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mwenye vimelea ambaye amepata homa usiku, akaja kazini juani, huyo anaanguka haraka kuliko wote. Kipimo cha kidole hospitali kinatoa jibu kwa dakika 20 hivi. Lakini kupoza hakusubiri kipimo, na dawa ya malaria hainunuliwi kwa kukisia. Kama uchovu wa joto uliisha mchana, kisha usiku anatetemeka na homa inarudi akiwa amelala chumba chenye upepo, hapo nenda kapime.

Sasa slabu yako. Najua zege la slabu halisimami katikati, ukianza umeanza, kiungo kikikauka kinakuwa ufa. Basi usianze saa mbili asubuhi ili jua likukute katikati. Andaa kokoto na mchanga jioni, washa mashine saa kumi alfajiri, saa nne muwe mnamalizia. Zege lenyewe litakushukuru, maana likimwagwa kwenye jua kali juu linakauka kabla ya chini na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Hesabu ya maji: watu 14, saa sita, kila mmoja lita moja kwa saa, ni lita 84. Ndoo nne za lita 20 na kidogo zaidi, kivulini, kila mtu na kikombe chake. Chakula kabla ya kuanza kisiwe chai ya rangi na andazi moja. Na wabebaji wa ndoo wabadilishane na wanaojaza mashine kila nusu saa, usimwache mmoja ngazini kutwa kwa sababu ni kijana na ana nguvu.

Wageni wapya wapange hivi: siku ya kwanza mgeni afanye kama sehemu moja ya tano ya kazi nzito ya mwenyeji, kila siku umwongezee sehemu nyingine kama hiyo, siku ya tano awe sawa na wenzake. Muda unaobaki apige ripu kivulini, apange matofali, afunge nondo. Mwenyeji aliyerudi kutoka likizo ndefu au kuugua aanzie nusu, na siku ya nne awe amefika.

Shemeji yako simhesabu katika slabu hii. Aliyepata kiharusi cha joto hukaa bila kazi nzito angalau wiki moja tangu kutoka hospitali, na yeye ni zaidi, kwa kuwa vipimo vya figo havijakaa sawa. Daktari anayemfuatilia ndiye atakayesema lini, kwa karatasi ya maabara mkononi. Kwa sasa mwangalieni mkojo. Ukiwa wa njano iliyofifia, maji yanatosha. Ukiwa mweusi kama chai ya mkandaa au kola, au ukikauka kabisa kutwa, misuli iliyoungua inaziba figo, arudi hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Na akirudi saiti, mwambie awe mtu wa kushika kichwa kwenye turubai. Yeye anajua kwa nini hakipaswi kuachwa.